Namna Tatu za Kusema "Hamjanilipa"

Fundi seremala mmoja wa Keko, Dar es Salaam, alinijia mwezi wa Mei mwaka juzi na daftari la mauzo na barua moja iliyopigwa fotokopi mara tatu. Daftari lilionyesha kwamba anawadai watu watatu. Halmashauri moja ya wilaya ilichukua madawati 60. Kampuni changa ya vijana wa programu za simu ilichukua meza 8 za ofisi. Mzee mmoja mwenye hoteli ndogo Bagamoyo, anayoiendesha na wanawe, alichukua vitanda 14 na kulipa sehemu tu. Ukijumlisha, nje palikuwa na Sh 9,040,000, na kwa karakana ya watu wanne hizo ndizo mbao za miezi kadhaa.

Barua ilikuwa ileile kwa wote watatu, anwani tu zimebadilishwa kwa kalamu. Ilisema: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi ninayewadai. Nimechoka kuzungushwa. Watoto wangu wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na mnajua kabisa hamjanilipa. Nisipolipwa ndani ya siku saba nitachukua hatua kali za kisheria."

Hapakuwa na uongo hata mstari mmoja, lakini haikumletea hata shilingi. Kule halmashauri karani wa masjala aliipokea, akauliza namba ya LPO, fundi hakuwa nayo mkononi, na barua ikabaki mezani bila kujua iende faili gani. Vijana wa programu walitumiwa picha yake kwa WhatsApp, mmoja akajibu, "Hii ni ya lini?" kisha kimya. Mzee wa Bagamoyo aliacha kupokea simu. Binti yake ndiye aliyepokea siku moja, akasema kwa sauti ya chini, "Baba amekasirika."

Nimewaandikia watu barua kwa miaka mingi, na swali la kwanza ninalomuuliza mteja ni hili: barua hii itapita mikononi mwa nani, na itaishia wapi? Watu wengi huanza na cheo cha anayeandikiwa, wakajaza heshima kwa kipimo cha cheo hicho. Mimi naona njia inayopitwa na barua ndiyo inayoamua sauti. Barua ya serikali huishia kwenye faili, ya kampuni changa huishia kwenye kioo cha simu, na ya kampuni ya familia huishia sebuleni.

Tuanze na faili, kwa kuwa ndiko watu wanakokosea kwa kudhani wanajua.

Barua ikifika halmashauri haisomwi na mtu mmoja. Karani wa masjala huisoma ili ajue faili lake. Inapanda kwa Mkurugenzi, ambaye pembeni yake anaandika maneno mawili matatu ya kuielekeza kwa Mweka Hazina. Mweka Hazina anamshushia mhasibu. Mhasibu anatafuta LPO, hati ya kupokelea mali na hati ya madai, kisha anaandika dokezo la kurudi juu. Mwakani au mwaka wa tatu, mkaguzi atalifungua faili lilelile na kukuta barua yako, wakati huenda Mkurugenzi wa siku ile amehamishiwa mkoa mwingine. Wasomaji wote hao hawakujui, na zaidi ya nusu yao hawakuwapo ulipopeleka madawati.

Kwa hiyo sauti inayofaa ni ya mtu anayeandika kumbukumbu. Ada ya watoto itolewe, hata kama inauma, kwa sababu mhasibu hawezi kuiandikia dokezo. Tishio la siku saba nalo litolewe, kwani halina meno: kuishtaki serikali, halmashauri ikiwemo, sheria inataka kwanza notisi ya siku 90. Mtu anayetishia siku saba anawaambia wanasheria wa halmashauri kwamba hajashauriana na wakili.

Kuna pia suala la kuheshimu kupita kiasi. Fundi alikuwa ameandika "Mheshimiwa Mkurugenzi". Katika matumizi ya kiserikali Tanzania, "Mheshimiwa" ni ya diwani, mbunge, waziri, hakimu, mkuu wa wilaya. Mkurugenzi Mtendaji ni mtumishi. "Ndugu" inamtosha, na barua nyingi za kiofisi zinatoka kwenye anwani moja kwa moja hadi YAH bila salamu yoyote. Ukimwita Mheshimiwa hatakuchukia. Lakini karani atajua kwamba barua hii imeandikwa na mgeni wa mambo haya, na mgeni huzungushwa kirahisi.

Tuliiandika upya hivi:

"YAH: MALIPO YA MADAWATI 60

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu, pamoja na LPO ya tarehe 4 Novemba ambayo nakala yake imeambatishwa.

2. Kwa LPO hiyo niliagizwa kutengeneza madawati 60 kwa bei ya Sh 95,000 kila moja, jumla Sh 5,700,000. Madawati yote yalipokelewa tarehe 18 Desemba na hati ya kupokelea mali kusainiwa.

3. Hati ya madai iliwasilishwa tarehe 20 Desemba. Hadi tarehe ya barua hii malipo hayajafanyika.

4. Naomba malipo hayo yafanyike. Endapo hayatawezekana kabla ya tarehe 30 Juni, naomba nithibitishiwe kwa maandishi kwamba deni hili limeingizwa katika orodha ya madeni ya wazabuni.

Naomba kuwasilisha."

Namba za aya zinaanzia 2. Ndivyo serikali inavyoandika: aya ya kwanza haipewi namba. Zipo ili anayejibu aseme "kuhusu aya ya 3 ya barua yako" bila kunakili maneno. Ukiandika kwa mtindo huo unampunguzia mhasibu kazi, naye anakusoma kama mtu anayezifahamu taratibu.

Tazama sasa aya ya tatu. Fundi alisema "hamjanilipa". Sisi tuliandika "malipo hayajafanyika". Kiswahili kinaturuhusu kulitaja tendo bila kumtaja mtendaji, na ofisini ruhusa hiyo ina kazi. "Hamjanilipa" inamnyooshea kidole kila anayesoma, hata karani ambaye hana ufunguo wa hazina, na aliyenyooshewa kidole huanza kujitetea badala ya kutafuta hati. "Malipo hayajafanyika" ni hali ya mambo. Anaweza kuiandika kwenye dokezo lake neno kwa neno bila kumsema bosi wake.

Aya ya nne ndiyo iliyobeba ujanja wote. Mwaka wa fedha wa serikali huisha 30 Juni, na fundi alikuja kwangu Mei. Kuomba fedha peke yake kungepata jibu la "bajeti haitoshi", ambalo ni la kweli mara nyingi. Tukaweka ombi la pili ambalo afisa anaweza kulitimiza bila kuwa na senti: kukiri deni kwa maandishi. Jambo hilo lina uzito wa kisheria. Sheria ya ukomo wa madai Tanzania Bara inampa anayedai chini ya mkataba miaka 6 ya kufungua shauri, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia saini kabla muda haujaisha, miaka hiyo huanza kuhesabiwa upya. Afisa hakasiriki kuombwa uthibitisho. Ni sehemu ya kazi yake.

Nilimwambia apeleke nakala mbili mwenyewe. Moja inabaki masjala, ya pili inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi naye. Siku hizi ofisi nyingi huiingiza barua kwenye mfumo wa kompyuta papo hapo. Hata hivyo, rudi na nakala yako yenye mhuri.

Vijana wa programu hawana masjala. Wana chumba kimoja Mikocheni, kompyuta mapajani, na mwanzilishi ambaye ndiye mkurugenzi, mhasibu na mfagiaji kwa zamu. Barua pepe yako inasomwa kwa sekunde chache kwenye simu, pengine ndani ya bajaji. "Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu" inawafanya wadhani wameshtakiwa, au wanaicheka na kuisahau. Huko wanaitana kwa jina la kwanza, na ukimwita mwenye miaka 27 "Ndugu Mkurugenzi" unakuwa umejitenga naye kabla hujafika kwenye hoja.

Ila kuna shimo upande wa pili, na fundi alikuwa ameshatumbukia humo. Kwa kuwa vijana ni wachangamfu, mazungumzo yao yote yalifanyika WhatsApp: "Mambo vipi kaka", "Poa, wiki ijayo tunakutoa". Aliyeandika hayo aliacha kazi mwezi wa Machi, akaondoka na simu yake. Aliyemrithi hakuwa na habari ya meza wala fundi, na "Hii ni ya lini?" lilikuwa swali la mtu asiyejua kweli. Katika kampuni za namna hii wafanyakazi hubadilika haraka kuliko madeni. Sauti iwe nyepesi, lakini ushahidi uwe mzito.

Kichwa cha barua pepe tulikiandika hivi: "Ankara ya meza 8: Sh 1,440,000, ilipaswa kulipwa 31 Machi". Asiyefungua ameshajua kiasi na tarehe. Ndani yake, jina la mwanzilishi, kisha:

"Habari za leo. Mimi ndiye fundi niliyetengeneza meza 8 mnazotumia ofisini. Zilifika 1 Machi, na mlitakiwa kulipa ndani ya siku 30. Sijapokea malipo, na nadhani ankara ilipotea mwenzenu alipoondoka, hivyo nimeiambatisha tena. Mnaweza kulipa yote kufikia Ijumaa ya tarehe 24? Kama haiwezekani, niambie mnaweza kiasi gani Ijumaa hiyo na kilichobaki lini."

Hayo tu. Kitenzi kimebadilika tena: "sijapokea malipo". Anayesema ni mimi, nawaeleza kilichopo upande wangu, nawaachia nafasi ya kutoka bila aibu. Nafasi yenyewe haikuwa ya kubuni, maana mwenzao alikuwa ameondoka kweli. Usimwekee mtu kisingizio cha uongo, ataking'ang'ania. Swali la mwisho linajibika kwa tarakimu mbili na tarehe mbili, na kwa kampuni changa hilo ndilo la maana, kwa kuwa fedha zao huja kwa vipindi: mwekezaji akitoa awamu wanazo, asipotoa hawana hata ya umeme. Ukiuliza "mtalipa lini?" utajibiwa "hivi karibuni". Na kama kimya kinaendelea, jibu juu ya barua pepe ileile, usianzishe mpya, ili atakayekuja baadaye akute mlolongo mzima mahali pamoja.

Sasa Bagamoyo. Kwa Mzee nilikaa na fundi jioni nzima, na karatasi tuliyoitoa haikujaa hata ukurasa.

Hoteli ile imeandikishwa kama kampuni, ina mhuri na namba ya mlipakodi, lakini maamuzi yake hufanyika baada ya chakula cha usiku. Barua ya fundi yenye "hatua kali za kisheria" ilisomwa hapo, mbele ya mke, wana na mkwe. Mzee aliyempa fundi Sh 3,000,000 taslimu siku ya kuagiza, bila mkataba, kwa kuwa alimfahamu marehemu baba yake, akasikia mbele ya wanawe akiitwa dhulumati. Hilo halilipiki kwa hundi. Kinachouma ni kwamba fundi hakulisema kwa nia hiyo. Alinakili tu sentensi aliyowahi kuona kwenye barua ya wakili.

Nikamuuliza, "Mzee aliwahi kulalamikia chochote?" Akafikiri. Akakumbuka kwamba mwezi wa Machi binti alipiga simu kusema kitanda cha chumba namba 6 kinalia mgeni akijigeuza. Fundi alisema atakuja, hakwenda. Basi, nikamwambia, pengine hilo ndilo deni lao wao. Mwenye kampuni ya familia akichelewesha pesa, mara nyingi ana kero ambayo ameona ni udogo kuitamka. Halmashauri ingekuandikia barua kuhusu kitanda kibovu, na vijana wa programu wangekutumia picha. Mzee hunyamaza, akakuacha ujue mwenyewe.

Tuliandika kwa mkono, kwa wino, kwenye karatasi safi:

"Mzee wangu,

Shikamoo. Natumaini nyumbani wote hawajambo na wageni wanaendelea kuja.

Kwanza naomba radhi. Nililetewa habari ya kitanda cha chumba namba 6 tangu Machi, nikasema nitakuja na sikuja. Pia barua niliyoileta mwezi huu haikuwa na adabu. Sikupaswa kukuandikia vile.

Nimeona nikukumbushe hesabu yetu. Vitanda 14 nilivileta tarehe 9 Februari, jumla Sh 4,900,000. Ulinitangulizia Sh 3,000,000, nami nilishukuru na bado nashukuru. Imebaki Sh 1,900,000.

Naomba unipangie siku nije na vifaa vyangu nikikaze kitanda hicho, na siku hiyohiyo tufunge hesabu. Kama kwako itakuwa vyema kuigawa mara mbili, niko radhi.

Kijana wako,"

Neno "deni" halimo. Limo "hesabu yetu", na hiyo "yetu" inafanya kazi kubwa: hesabu ni kitu cha watu wawili, deni ni mzigo wa mmoja. Kitenzi ni "imebaki". Hakuna aliyekataa wala aliyekosa, kuna kitu kilichosalia njiani. Lakini usiache upole ukafuta tarakimu. Kiasi, tarehe na kilicholipwa vimo vyote, na hilo nililisisitiza kwa sababu nimeona mambo yakiharibika baada ya msiba. Mzee akifariki, ahadi za mdomo zinakwenda naye. Sheria inataka madeni ya marehemu yalipwe kabla warithi hawajagawana, na ikiwa mdaiwa ni kampuni iliyosajiliwa, deni linabaki la kampuni. Ila warithi watakuuliza, "Maandishi yako wapi?" na hawatakuwa na kosa kuuliza.

Shikamoo nayo ina mpaka wake. Inamfaa mtu ambaye ungemsalimia hivyo uso kwa uso. Kama hoteli ingekuwa mikononi mwa mtoto wa kwanza mwenye umri wa fundi, kumwandikia shikamoo kungekuwa kejeli. Hapo ungeandika "Habari za siku nyingi, ndugu yangu", kisha ukampa salamu za mzee azifikishe. Na usimwandikie mtoto kwa siri ili amsukume baba, hata kama yeye ndiye mwenye shahada ya uhasibu na funguo za kabati. Siku baba akigundua, utakuwa umewagombanisha, na wote wawili watakulaumu wewe.

Mwishoni fundi aliuliza kama chini ya kila barua aandike "Nakala kwa" na jina la wakili, ili wajue hatanii. Swali zuri, maana maneno hayo mawili yana maana tatu. Halmashauri, nakala kwa Mweka Hazina na Mkaguzi wa Ndani ni jambo la kawaida na inasaidia barua isilale. Kwenye barua pepe ya vijana, unaongeza anwani ya anayeshika fedha na hakuna anayeshtuka. Kwa Mzee, "Nakala kwa: Wakili" ni kutangaza vita. Ukifika huko, uwe umekubali kwamba hutamtengenezea tena hata kigoda.

Barua zilitoka wiki hiyo. Binti wa Mzee alipiga simu siku ya tatu: "Baba anasema njoo Jumamosi, na usile njiani." Fundi alikaza kitanda kwa dakika arobaini, skrubu nne na ubao mmoja wa chini, akarudi na Sh 1,000,000, zilizobaki alitumiwa kwa simu mwezi uliofuata, pamoja na agizo la makabati sita. Vijana walilipa nusu Ijumaa ile na nusu Julai, walipopata fedha za mwekezaji.

Halmashauri haikulipa mwaka huo. Ilijibu tarehe 26 Juni kwa barua yenye kumbukumbu namba, saini na mhuri. Aya ya 3 ilisema deni la Sh 5,700,000 limeingizwa katika orodha ya madeni ya wazabuni. Fundi alinunua faili la kijani pale Kariakoo, akaitoboa ile barua na kuiweka ya kwanza.